Nimekaa na submita ya mwenye nyumba, sasa nina LUKU yangu: uzoefu wangu

Naandika hii kwa anayetafuta nyumba ya kupanga Dar na dalali amemwonyesha mbili, moja ina LUKU yake na nyingine umeme "unalipa mwisho wa mwezi kwa mwenye nyumba". Mi nimeishi zote mbili na familia ileile na vitu vilevile, friji dogo, tivi, feni mbili, taa na pasi, kwa hiyo naweza kulinganisha vizuri.

Tabata nilikaa mwaka na miezi miwili. Nyumba ya wapangaji wanne, mita ya TANESCO moja, halafu kila mpangaji ana submita yake pale koridoni. Tarehe 30 mzee mwenye nyumba anapita na daftari anasoma, anapiga hesabu, unalipa. Mwanzoni niliipenda sana kiukweli, maana hakuna kuzimikiwa usiku wa manane eti uniti zimeisha, na mimi mshahara wangu unaingia mwisho wa mwezi kwa hiyo ilikuwa inakaa vizuri na mfuko.

Sasa hesabu. Mi natumia kama uniti 70 kwa mwezi. Mzee alikuwa anatuuzia uniti moja 400, kwa hiyo 28,000, na juu yake 5,000 ya pampu ya maji na taa za nje, jumla 33,000. Nikawa naona mzee anatupiga. Siku moja nikamuuliza kwa adabu tu, akaingia ndani akatoka na simu yake akanionyesha meseji ya LUKU aliyonunua. Elfu kumi, uniti 28. "Mwanangu, mimi mwenyewe nanunua bei hiyo, hiyo ya juu kidogo ni ya kufidia upotevu." Na ni kweli, piga hesabu, elfu kumi kwa uniti 28 ni kama 356 kila moja. Faida yake kwangu ilikuwa shilingi 44 kwa uniti, hela ndogo sana.

Shida ilikuwa mita yenyewe. Hapa ndipo wapangaji wengi hatupaelewi. Ile bei nafuu ya majumbani, wanaiita D1, ni ya mita inayotumia uniti zisizozidi 75 kwa mwezi, uniti moja 100, ukiweka VAT 18%, EWURA 1% na REA 3% inafika 122. Ndio maana unasikia watu wanasema nanunua ya 9,150, ni uniti 75 kamili hiyo. Ila hizo 75 zinahesabiwa kwa mita, hazihesabiwi kwa familia. Sasa sisi wanne kila mtu na 60 au 70 zake, mita ile inakula uniti 250 na zaidi, lazima iwe T1 ambayo ni 292 kabla ya kodi. Yaani kila mmoja wetu peke yake alikuwa na matumizi ya mtu wa bei nafuu, lakini kwa kuwa tumefungwa pamoja tunalipa bei ya mtumiaji mkubwa. Hata mwenye nyumba awe mtu mwema kiasi gani hawezi kukuuzia chini ya alivyonunua.

Jambo la pili ni submita yenyewe. Mwezi mmoja tulisafiri kwenda msibani siku tisa, friji nimelizima, nimerudi nakuta uniti 20 zimeenda. Nikazima meni swichi ya kwangu, nikaenda kusimama pale koridoni na tochi. Submita ina kataa kadogo kekundu, kanamemeteka kadiri umeme unavyopita, ukizima kila kitu kanatakiwa katulie kabisa. Kangu kakawa kanaendelea, taratibu, halafu pampu ya maji ilipowashwa tu kakaanza kwenda mbio. Fundi akaja akafungua, kumbe waya wa pampu na wa taa ya getini umeungwa baada ya submita yangu kabla ya kufika kwenye meni swichi yangu. Nimelipia maji ya nyumba nzima, na ile 5,000 nimetoa pia! Mzee alishangaa kama mimi na alinirudishia kodi nusu mwezi, nadhani hakujua, fundi aliyejenga ndiye alichukua waya uliokuwa karibu. Kwa hiyo kama uko kwenye submita fanya hilo jaribio leo, usisubiri, na kila tarehe 30 piga picha namba za submita yako mwenyewe.

Nikahamia Kinyerezi, nyumba ndogo inayojitegemea, LUKU yake. Kabla sijatoa hela nilimwomba dalali namba ya mita nikanunua umeme wa 5,000 nikiwa nimesimama palepale uani. Akashangaa, "kaka hata hujahamia?" Nikamwambia kaka hii ndio naipima nyumba. Na nilichagua tarehe mbili ya mwezi makusudi, kwa sababu uniti 75 za bei nafuu zikishanunuliwa mwezi huo zinazofuata zinauzwa kama 427, ungeweza kudhani mita ni mbaya kumbe ni D1.

Meseji ikarudi na tokeni tarakimu 20, uniti 28 na pointi. Kwenye mstari wa Debt Collected kuna 1,500, hiyo ni kodi ya majengo ya mwezi, inakatwa kwenye LUKU mara ya kwanza unaponunua. Kwa hiyo 3,500 iliyobaki ndio imenunua umeme, gawa kwa 122, unapata 28. D1 hiyo. Ingekuwa T1 ningepata uniti 9 tu. Na kama makato yangekuwa makubwa kuliko 1,500 ningejua kuna deni, labda kodi ya majengo ya miezi ambayo nyumba ilikaa tupu, au aliyehama ameacha deni kwenye mita, na deni linafuata mita, wala halijui nani kahama. Hapo unamrudia mwenye nyumba alimalize kwanza ndio uhamie.

Ile 1,500 kisheria ni ya mwenye nyumba, wewe unaikatwa tu kwa sababu ndiye unanunua umeme. Tulikubaliana na mama mwenye nyumba tukaandika kwenye mkataba kuwa 18,000 ya mwaka inapungua kwenye kodi ya pango.

Sasa nanunua 10,650 mara moja mwanzo wa mwezi na zinatosha, dhidi ya 33,000 ya Tabata. Tofauti 22,350 kila mwezi. Usumbufu upo, mtandao ukigoma kununua huwa ni jioni ambayo una uniti mbili, kwa hiyo sisubiri zishuke chini ya kumi. Na nimeacha kupasi nguo moja moja asubuhi, mke wangu anapasi za wiki nzima Jumapili.

Ila kama una eisii, hita ya maji au unapikia umeme, 75 hutozifikisha nusu mwezi na utaishia T1 hata ukiwa na mita yako. Hapo bei inakuwa karibu ile ile ya mzee wa Tabata, na kulipa mwisho wa mwezi kunaweza kukufaa zaidi, bora tu hako kataa kekundu uwe umekaangalia ukiwa umezima kila kitu.