Kreatini kwa mcheza judo wa timu: nimelipima kopo hili kwa kalenda ya mashindano

Habari zenu, ndugu watazamaji. Leo mezani nina kopo moja tu: kreatini monohidrati, kirutubisho cha misuli, unga mtupu, gramu 300. Wengi mmeniuliza kama inafaa kwa anayecheza kwenye timu lakini lazima pia apande mizani. Mimi ni kocha wa viungo wa timu ya judo, kwa hiyo jambo hili nalishughulikia kila msimu.

Tuanze na chenyewe. Nyuma ya kopo, kwenye orodha ya viambato, kuna jina moja peke yake. Hakuna sukari, rangi wala kafeini, na ndivyo ninavyotaka. Ukikuta kopo lina majina kumi na neno "mchanganyiko" bila gramu za kila kimoja, lirudishe rafuni. Na aina nyingine zinazouzwa kwa mbwembwe zaidi, kama ile ya esta, hazijaishinda monohidrati kwenye vipimo. Esta kwa kweli huishia kwa wingi kuwa kreatinini, yaani taka inayotoka na mkojo.

Sasa tazameni kijiko hiki. Kimeandikwa gramu 5. Nimekichota mara kumi nikakiweka kwenye mizani ndogo, kikatoka kati ya gramu 4.1 na 6.2, kutegemea nilivyoushindilia unga. Kwa mcheza mpira wa miguu tofauti hiyo haina neno. Kwa mtu anayekunywa gramu 3 kwa siku, kijiko kilichoshindiliwa kinaweza kufika maradufu ya dozi yake. Pimeni kwa mizani. Na kwenye maji baridi, oneni, unga unazama chini kama mchanga. Tumia maji ya vuguvugu, koroga, unywe papo hapo. Usiuache kwenye chupa siku nzima, kwa sababu ukikaa kwenye maji huanza kuharibika.

Haya, tuje kwenye kalenda, maana hapo ndipo watu wanapoumia.

Kreatini haifanyi kazi kama kahawa, kwamba unakunywa asubuhi na mchana unaisikia. Inafanya kazi pale misuli inapokuwa imejaa. Kuna njia mbili za kuijaza. Ya haraka ni gramu 20 kwa siku, zikigawanywa mara nne, kwa siku 5 hadi 7. Ya polepole ni gramu 3 kwa siku kwa takribani wiki 4. Mwisho wa safari zote mbili misuli inakuwa imejaa karibu sawa. Ila ile ya haraka humwongezea mtu kilo 1 hadi 2 ndani ya wiki moja, na sehemu kubwa ya uzito huo ni maji yanayovutwa ndani ya misuli.

Kwa mcheza mpira wa mikono, kilo moja ya maji ni kitu cha kuzoea tu. Anaanza na awamu ya mazoezi mazito, anaendelea na gramu 3 hadi 5 kila siku, na mashindano yakifika habadilishi kitu. Kwa judo hesabu ni nyingine. Kwenye mashindano ya timu mchanganyiko, wanaume wanagawanywa chini ya kilo 73, chini ya 90, na zaidi ya 90. Ukizidi 73 hata kidogo, nafasi yako ni kwenye kundi la 90, na huko utashikwa kola na mtu aliyekuzidi kilo 15.

Kosa ninalolikuta mara nyingi nililifanya mimi mwenyewe miaka ya mwanzo. Kijana wangu alikuwa amejaa kreatini, kilo 74 na ushee. Nikamwambia aache siku 6 kabla ya kupima, nikiamini maji yatashuka. Hayakushuka. Misuli iliyojaa hurudi hali yake ya kawaida kwa wiki 4 hadi 6, si kwa siku 6. Usiku wa kuamkia kupima alikuwa ndani ya sweta mbili akiruka kamba, na jasho likatoka kweli, lakini lilitoka na nguvu zake. Uzito aliupata. Kesho yake kwenye mkeka vidole havikukaza koti la mpinzani hata dakika moja. Lile kosa lilikuwa langu, na bado linaniuma.

Ndiyo maana sasa nahesabu kutoka siku ya kupima kurudi nyuma. Nawapa mfano wa mchezaji wangu wa msimu uliopita. Wiki 12 kabla, wastani wake wa uzito ulikuwa kilo 72.1. Nasema wastani kwa sababu tunapima kila asubuhi baada ya choo na kabla ya kula, kisha tunajumlisha siku 7 na kugawanya. Namba ya siku moja hudanganya, chumvi ya jana tu inaweza kuipandisha. Alikuwa na nafasi ya gramu 900. Angejaza kwa haraka, huenda angeivuka ndani ya wiki. Tukampa gramu 3 kwa siku.

Zilipobaki wiki 8 kabla ya kupima, alikuwa 73.0. Kuanzia hapo zikaja wiki za mazoezi makali, kuangusha kwa mfululizo, kupumzika sekunde chache, kuangusha tena. Kreatini inasaidia hasa juhudi fupi kali zinazorudiwa, kwa hiyo hapa ndipo nilipotaka misuli iwe imejaa. Zilipobaki wiki 6 wastani ulikuwa 74.0.

Hiyo wiki ya 6 ndiyo siku yangu ya uamuzi. Kama mtu anaweza kuingia kwenye uzito kwa kupunguza chakula kidogo kidogo, anaendelea na kopo. Kama hawezi bila kujikausha, anaacha siku hiyo hiyo, kwa sababu muda wa kushuka bado upo. Huyu kijana mwili wake hauna mafuta ya kupunguza, tukaacha. Wiki ya mwisho alikuwa 73.1, akala chakula chepesi kisicho na nyuzinyuzi nyingi siku mbili, akapima 72.8 bila kutoa jasho la makusudi. Nguvu alizojenga zile wiki za mazoezi hazikutoweka kwa sababu kopo lilifungwa.

Siku yenyewe ya mashindano usijaribu kufidia. Gramu 10 kwa mkupuo haziongezi chochote siku hiyo, na zinaweza kukuharisha.

Mawili ya haraka. Kreatini haimo kwenye orodha ya vitu vilivyokatazwa na WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa za kusisimua misuli michezoni, lakini unga unaweza kuchafuliwa kiwandani, kwa hiyo tafuta nembo ya wanaopima virutubisho, kama Informed Sport, na uhakikishe namba ya toleo ya kopo lako iko kwenye tovuti yao. La pili, ukipimwa damu mwambie daktari unaitumia, kwa kuwa kreatinini inaweza kupanda bila figo kuwa na tatizo. Mwenye ugonjwa wa figo asianze bila daktari wake.

Kopo hili nalipa alama nzuri: safi, halina ladha, na kwa gramu 3 linatosha siku 100. Kijiko chake nimekitoa nikakiweka kando. Na hapa juu ya kifuniko, kwa kalamu ya wino mzito, nimeandika tarehe mbili: ya kupima uzito, na ile ya wiki 6 kabla yake.