Kasha la Gemu Lenye Karatasi Tu: Lipi Ununue, Lipi Uache

Kasha la gemu kuwa na nailoni yake hakukuhakikishii kwamba ndani kuna gemu. Kwa anayenunua Dodoma, ambako wengi wetu tunapakua kwa bando la simu, mimi nayapanga hivi.

La kwanza ni lenye gemu nzima ndani. Mfano mzuri ni Cyberpunk 2077 ya Switch 2: gemu yote imo kwenye kadi ya GB 64. Unacheza, unaazimisha, ukichoka unauza. Hata likiwa ghali kidogo, chukua hili.

La pili ni lenye kadi ya ufunguo. Kadi ipo na unaishika mkononi, ila gemu yenyewe haimo, lazima uipakue. Street Fighter 6 ya Switch 2 iko hivyo, nayo ni takriban GB 50. Piga hesabu: kwa intaneti ya Mbps 10 isiyokatika, hiyo ni saa kumi na moja hivi, na bando lake unalilipia juu ya bei ya kasha. Ukishapakua, kadi lazima ikae kwenye mashine kila unapocheza. Uzuri wake ni kwamba bado inauzika. Utaitambua kwa maneno Game-Key Card na alama ya ufunguo chini mbele ya kasha.

La tatu ni kasha lenye karatasi ya namba ya kupakulia. Namba hutumika mara moja tu, na inafungwa kwenye akaunti ya aliyeiingiza. Tena ya PlayStation hufuata nchi ya akaunti: namba ya Marekani haikubali kwenye akaunti ya Uingereza. Linunue likiwa jipya tu, na ukiwa unajua akaunti yako ni ya nchi gani.

La mwisho, ambalo usilitolee hata mia, ni kasha la aina hiyo lililokwishatumika. Tuseme umeona Overwatch ya Switch inauzwa bei poa pale Majengo. Kasha lake halikuwahi kuwa na kadi tangu lilipotoka 2019, na gemu hiyo yenyewe ilizimwa 2022. Unanunua plastiki.

Kutikisa kasha hakusaidii, maana diski iliyokaa vizuri nayo hailii. Soma mbele na nyuma, hasa maandishi madogo: “Download code”, “No disc included” au “Internet download required”. Kama ni la mtumba, mwambie muuzaji, “Kaka, naomba tuiwashe kwanza.” Zimeni intaneti, kisha wekeni kadi au diski. Ya PS5 ipeni muda inakili. Msiishie kwenye jina kutokea. Ingieni hadi mcheze. Diski ya Call of Duty: Modern Warfare II ya PS5 ilikuwa na takriban MB 70 tu, na kwa macho inafanana na diski nyingine yoyote. Mashine ikidai intaneti, hiyo si ya daraja la kwanza, na bei ishuke. Muuzaji akikataa kuiwasha, mwachie.