Kitini cha kemia cha kidato cha sita: alama moja ya kujumlisha imeharibu sura nzima

Kitini hiki kinauzwa kwenye stationari kadhaa hapa Dodoma mjini, kuanzia upande wa Jamatini. Nilidhamiria kukipa nyota tatu, kwa sababu sehemu ya haidrokaboni imeandikwa vizuri, kwa lugha nyepesi na mifano ya kutosha. Lakini kila nikifungua ule ukurasa wa kiwango cha kutoshiba, yaani idadi ya pete na bondi maradufu kwenye molekuli, napandwa na hasira.

Kimeandika hivi:

```
(2C + 2 - N - H - X) / 2
```

Nitrojeni imetolewa! Inatakiwa kujumlishwa:

```
(2C + 2 + N - H - X) / 2
```

Sababu yake haihitaji kukaririwa. Molekuli iliyoshiba isiyo na pete hubeba haidrojeni 2C + 2. Oksijeni ina mikono miwili, ikijipachika kati ya atomu mbili haibadilishi idadi ya haidrojeni, ndiyo maana haimo kwenye fomula. Klorini na ndugu zake, yaani X, hukaa mahali pa haidrojeni, kwa hiyo hutolewa pamoja nazo. Nitrojeni ina mikono mitatu: miwili inajipachika, wa tatu unaongeza nafasi ya haidrojeni moja. Ndiyo hiyo tunayoijumlisha.

Sasa tazameni mfano waliouchagua wenyewe, parasetamoli, C8H9NO2. Hesabu sahihi ni 16 + 2 + 1 − 9 = 10, gawanya kwa mbili unapata 5. Pete ya benzini inachukua 4, yaani pete yenyewe 1 na bondi maradufu 3. Inabaki 1, nayo ni C=O ya ule mkia wenye nitrojeni. Kitini kinapata 4, kinatangaza kwamba "hakuna C=O", kisha kinachora benzini yenye OH mbili na mkia wa kaboni mbili unaoishia na NH2. Hesabuni haidrojeni za mchoro huo: kwenye pete 3, kwenye OH 2, kwenye mkia 4, kwenye NH2 2. Jumla 11, siyo 9. Hiyo ni dopamini, C8H11NO2! Mwanafunzi amepewa dawa ya maumivu, akachorewa kitu kingine kabisa, na juu ya mchoro bado imeandikwa C8H9NO2.

Nilimwonyesha muuzaji, ambaye anasema yeye ndiye anayekichapa. Akajibu bila hata kunyanyua macho: "Mwalimu, majibu yote yanatoka namba kamili, tatizo liko wapi?" Tatizo liko hapo hapo. Ungeisahau nitrojeni moja kabisa, jibu lingetoka 4.5, na nusu ingekushtua kwamba umekosea. Ukiitoa badala ya kuijumlisha, jibu linapungua kwa idadi kamili ya nitrojeni, kwa hiyo halitoi nusu hata siku moja. Kafeini, C8H10N4O2, ina 6: pete mbili na bondi maradufu nne. Kwa fomula ya kitini inabaki na 2, namba safi isiyomshtua mtu.

Kipimo cha haraka ni amonia, NH3. Haina pete wala bondi maradufu, lazima itoke 0. Fomula sahihi inatoa 0, ya kitini inatoa −1. Hakuna molekuli yenye pete pungufu ya sifuri. Angeijaribu mara moja tu kabla ya kupeleka kwenye mashine!

Kuna ukurasa mmoja unaonifanya nisite. Kinaeleza vizuri kwamba namba hii haitenganishi pete na bondi maradufu. C6H10 ina 2: inaweza kuwa saikloheksini, pete moja na bondi maradufu moja, au heksaini, yenye bondi ya mara tatu inayohesabiwa 2. Ukipitisha haidrojeni ya kutosha pamoja na nikeli, ya kwanza inameza moli 1 na kuishia C6H12, ya pili inameza moli 2 na kufika C6H14. Kilichobaki baada ya haidrojeni kumezwa ni pete. Ni maelezo safi, na kwa ajili yake nilikuwa tayari kusema kinunuliwe, kisahihishwe kwa kalamu.

Lakini nimepitia majibu ya mazoezi ya nyuma. Kila swali lenye nitrojeni limekokotolewa kwa fomula ile ile mbovu, amini hadi amaidi. Kalamu itasahihisha mangapi? Nyota moja. Aliyekwisha kukinunua atumie kurasa za haidrokaboni, na majibu ya maswali yenye N ayafute yote, akokotoe upya.