TAHADHARI: Salio ulilosahau kwenye akaunti ya zamani ya kubeti linaliwa kila mwezi, na matapeli wanalijua

Wenzangu, kama uliwahi kubeti ukaachana na tovuti bila kutoa salio lote, soma hii kabla hujamjibu mtu yeyote anayekuambia una pesa zako huko. Mimi nimekatwa shilingi 3,600 bila kuweka dau hata moja, halafu nikakaribia kutoa nyingine 650 kwa tapeli aliyejua kabisa kwamba nilikuwa nazitafuta. Nipo Kenya, kwa hiyo hatua nitakazoeleza ni za huku.

Akaunti niliifungua 2021. Mara ya mwisho kuingia ilikuwa tarehe 9 Agosti 2023, mkeka ukachanika kwa timu moja, nikakasirika, nikafuta programu kwenye simu. Ndani nilibakisha shilingi 4,850. Nilijiambia nitazitoa wikendi. Wikendi ikapita, mtoto akalazwa, nikasahau kabisa.

Tarehe 3 Agosti 2025 nikapekua taarifa yangu ya M-PESA kwa shughuli ya mkopo, nikaona jina la ile kampuni kwenye malipo ya zamani. Nikaingia. Salio: 1,250. Nilidhani nimedukuliwa. Nikafungua historia ya miamala, na hapo ndipo nilipoona mstari mmoja ukijirudia kila tarehe 10 ya mwezi, kuanzia 10 Agosti 2024 hadi 10 Julai 2025:

`Inactivity fee  -300.00`

Mara 12. Hiyo ndiyo 3,600 yangu. Siku saba zaidi na ningekuta 950.

Wengi wetu hatujui mfumo huu unavyokwenda. Kwenye vigezo na masharti ya tovuti nyingi za kamari kuna kifungu kinachosema akaunti isiyoingiwa kwa muda fulani, mara nyingi miezi 12, inahesabiwa kuwa imelala, na kampuni itakata ada ya kila mwezi mpaka salio liishe. Likifika sifuri wanaacha, hawakudai deni. Ndiyo maana hakuna anayeshtuka: hakuna anayekupigia, hakuna kinachotoka kwenye M-PESA yako. Pesa zinakatwa ndani kwa ndani, mahali ambapo huangalii. Notisi, kama ilitumwa, ilikwenda kwenye baruapepe uliyojisajilia ukiwa chuo.

Kwanza nilitoa ile 1,250 iliyobaki, kabla ya kulalamika. Fanya hivyo na wewe. Ukianza na malalamiko, akaunti inaweza kufungiwa "kwa uchunguzi" na pesa zako zikabaki ndani. Zilifika 1,187 na senti kidogo, kwa sababu tangu Julai 2025 kuna kodi ya asilimia 5 inayokatwa unapotoa pesa kwenye pochi ya kamari, hata kama pesa hizo uliziweka mwenyewe. Hiyo ni kodi ya serikali, kampuni haijakuibia hapo. Kabla ya kubonyeza kitufe cha kutoa, nilipiga picha ya skrini ya historia yote, ukurasa kwa ukurasa, tarehe zikionekana. Usiruke hatua hii. Historia ya zamani huwa inapotea kwenye akaunti, na ikishapotea unabaki na neno lako dhidi ya lao.

Kuna mtego mwingine hapa. Tovuti iliniletea ujumbe kwamba nikiweka shilingi 100 na kucheza mkeka mmoja akaunti "itaamka". Usiweke. Kuingia tu na kutoa salio kulitosha kwangu, na ukiweka 100 ushuru wa asilimia 5 unakatwa papo hapo mlangoni. Na kama umeacha kubeti, mkeka huo mmoja ndio utakaokurudisha.

Sasa madai yenyewe. Jibu la kwanza la huduma kwa wateja lilikuwa lile la kawaida: ada imekatwa kwa mujibu wa vigezo na masharti uliyokubali. Nikajiuliza, niliyakubali lini? Nilijisajili 2021. Nikaenda web.archive.org, nikabandika anwani ya ukurasa wao wa masharti, nikaanza kufungua nakala za zamani. Nakala ya Desemba 2023 haikuwa na kifungu cha ada hata kidogo. Nakala ya Februari 2024 ilikuwa nacho, na juu ya ukurasa imeandikwa kwamba masharti yamefanyiwa marekebisho tarehe 15 Januari 2024. Yaani nilipoondoka Agosti 2023 hakukuwa na ada. Walikiingiza baadaye, halafu wakahesabu miezi 12 kurudi nyuma, kwenye muda ambao kifungu hakikuwepo.

Nikawaandikia hivi, kwa maneno haya haya: kifungu kimeanza 15 Januari 2024, kwa hiyo miezi 12 inatimia 15 Januari 2025. Ada za tarehe 10 Agosti, Septemba, Oktoba, Novemba, Desemba 2024 na 10 Januari 2025 zimekatwa kabla ya muda wenu wenyewe kutimia. Ni ada 6, jumla 1,800, nirudishieni. Kwa 6 zilizobaki, nionyesheni tarehe na anwani mliyotuma notisi ya mabadiliko. Nikaambatisha nakala zote mbili na picha zangu. Chini nikaongeza kwamba naomba rekodi zote za akaunti yangu kwa haki ninayopewa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na nikamnakili mdhibiti wa kamari. Wakati huo mswada ulikuwa unatiwa saini. Sasa sheria mpya ya kamari ya 2025 imeleta Mamlaka ya Udhibiti wa Kamari kuchukua nafasi ya ile bodi ya zamani, BCLB, kwa hiyo malalamiko yako yapeleke huko.

Baada ya siku 11 shilingi 1,800 zikarudi. Zilirudi kwenye pochi ya tovuti, siyo M-PESA, nikalazimika kuzitoa tena na kukatwa 90. Nikapokea 1,710. Angalia sana pesa zikirudishwa: zikiwekwa kama bonasi, kataa kwa maandishi siku hiyo hiyo. Bonasi ina masharti ya kuichezea mara kadhaa kabla hujaruhusiwa kuitoa, na hapo utakuwa umelipwa kwa pesa ambazo si pesa.

Tapeli naye aliingia katikati. Nilikuwa nimeuliza kwenye kundi moja kama kuna aliyewahi kurudishiwa ada za akaunti iliyolala. Jioni hiyo hiyo mtu akaniandikia faragha, akaniita kwa jina langu, akajitambulisha kuwa wa "idara ya kurejesha masalio". Ujumbe wake ninao mpaka leo: "Mteja wetu, salio lako pamoja na riba ni 38,700. Ili kuamsha akaunti lipa 650, zitaingia ndani ya dakika 10." Namba ya kulipia ilikuwa ya mtu binafsi. Halafu akasema nitapokea namba ya tarakimu sita, nimtumie, pamoja na namba ya kitambulisho na mwaka wa kuzaliwa.

Ile namba ya tarakimu sita ilifika kweli, na hapo ndipo nilipokaribia kuamini. Ilifika kwa sababu alikuwa amebonyeza "umesahau nywila" kwenye tovuti akitumia namba yangu ya simu. Nikamuuliza swali moja: niliingia lini mara ya mwisho? Akaanza kunitisha kwamba salio litafutwa usiku huo. Nikakata.

Ukitulia unamwona mapema. Pochi ya kamari haizai riba, hivyo mtu akitaja riba ameshajifichua. Ada ikiwepo, kampuni inaikata kwenye salio lenyewe, haikuombi utume kwanza kwa namba ya mtu. Na namba ya kitambulisho, mwaka wa kuzaliwa na namba ya uthibitisho kwa pamoja vinamtosha mtu kujaribu kubadilisha laini yako, ambapo hasara si salio la kubeti tena, ni M-PESA yote na mikopo atakayochukua kwa jina lako. Kama umeshampa, piga *100*100# uzuie laini yako isibadilishwe bila wewe kufika dukani, kisha badilisha nywila. Kama umeshamlipa, tuma ule ujumbe wa M-PESA kwenda 456 mara moja kuomba pesa zirudishwe, ingawa akishazitoa kwa wakala ni vigumu kuzipata. Namba yake ipeleke 333.

Kwa wale ambao laini ya zamani imekufa: anza na laini, siyo na tovuti. Nenda duka la Safaricom na kitambulisho uulize kama bado inaweza kurudishwa, kwa sababu namba isiyotumika muda mrefu hupewa mtu mwingine, na huyo ndiye atakayepokea namba zako za uthibitisho. Ikiwa imeshakwenda, waandikie kampuni kutoka baruapepe uliyojisajilia, na uthibitisho wenye nguvu ni jumbe au taarifa ya M-PESA inayoonyesha ukilipa kwenye Paybill yao ukiwa na namba ile na jina lako. Taarifa unaiomba kwa *334#.

Na kampuni ikiwa haipo tena? Tunakumbuka Julai 2019, bodi ilipokataa kuhuisha leseni za kampuni 27 na namba zao za Paybill zikafungwa. Baadhi zilirudi baadaye, baadhi hazikurudi. Hapo mahali pa kuangalia ni Mamlaka ya Mali za Fedha Zisizodaiwa, UFAA. Piga *361# au ingia tovuti yao, utafute kwa namba ya kitambulisho. Kutafuta ni bure. Usipoona jina lako, maana yake hakuna aliyewasilisha pesa kwa jina hilo, na yeyote atakayekuambia anazo "faili za ndani" za 2019 ni yule yule wa 650 kwa sura nyingine. Lakini tafuta tu, maana unaweza kukuta salio la M-PESA la laini iliyokufa au pesa za mzee aliyefariki ambazo nyumbani hakuna aliyejua.

Ada zangu 6 za mwisho, 1,800 nyingine, bado tunavutana. Wamesema notisi ilitumwa kwa baruapepe tarehe 16 Januari 2024. Nimewaomba wanipe ushahidi kwamba ilitoka kwao. Niliipekua baruapepe ile yote, na kasha la takataka pia, haipo. Wakijibu nitarudi hapa chini kuongeza.