PPO ya kununua: mie nimeliwa elfu tatu na mia tano, nyie msiliwe

Mwezi uliopita nilimtumia kijana mmoja wa grupu la Telegramu 3,500 kwa M-Pesa, akaniletea faili la MetaTrader, ile programu ya chati za bei, lenye indiketa ya kupima nguvu ya trendi kwa jina PPO, na voisi ya dakika nne ya kujisifu. Usiku nikaliweka kwenye chati ya dhahabu likasoma 15. Nikahamia euro kwa dola, likasoma 0.0040. Nikazikodolea macho hizo namba mbili mpaka chai ikapoa, maana PPO inasoma wastani mfupi wa bei umeachana na ule mrefu kwa asilimia ngapi, na asilimia 15 ya dhahabu ingetaka wastani mfupi uwe juu ya ule mrefu kwa zaidi ya dola mia tatu, na mie nawaona palepale kwenye skrini wako 2,350 na 2,335. Toa moja kwa nyingine unapata ngapi? 15. Kumbe ni MACD, indiketa ileile ya zamani tunayopewa bure, imebandikwa jina jipya na kupakwa manjano!

Basi ndo maana naandika. Sitawaambia habari za rangi wala alamu za simu, hizo kila muuzaji atakusomea kama kasuku. Mie nataka uulize kitu kimoja tu kabla hujatoa hela: inagawanya kwa namba ipi?

MACD ya Gerald Appel, ya tangu miaka ya 70, inachukua EMA ya siku 12, yaani wastani wa bei unaozipa siku za karibuni uzito zaidi, inatoa EMA ya siku 26, basi. Jibu linabaki kwenye pesa ya kile kitu chenyewe, kama ni shilingi ni shilingi, kama ni dola ni dola. PPO inafanya hivyohivyo halafu inagawanya kwa ile EMA ya 26 na kuzidisha kwa 100. Hatua moja tu imeongezeka, na hiyo hatua ndo unayoinunua.

Chukua hisa mbili za soko la Nairobi, Safaricom na BAT, namba ni za mfano lakini ukubwa wa bei ndo huohuo tunaoujua, moja iko kwenye makumi na nyingine kwenye mamia. Safaricom EMA ya 12 iwe 20.60 na ya 26 iwe 20.00. BAT iwe 404 na 400. Ukiwa na MACD, Safaricom inakupa 0.60 na BAT inakupa 4, kwa hiyo mtu anayepanga hisa zake kwa nguvu ya trendi ataiweka BAT juu, tena juu kwa mbali. Sasa gawanya. 0.60 kwa 20 ni asilimia 3, na 4 kwa 400 ni asilimia 1. Zimepinduka! BAT haikuwa na nguvu yoyote ya ajabu, ilikuwa na bei kubwa tu, na shilingi nne kwa kitu cha mia nne ni kama mtu kakuongezea bob moja kwenye soda ya mia.

Na si hisa mbili tu, hata hisa moja na yenyewe ya zamani. Safaricom iliuzwa kwa umma 2008 kwa shilingi 5, ikafika 2021 imepita 40. MACD ya 0.50 wakati bei iko 5 ni asilimia 10, hiyo ni kelele, watu wanapigiana simu. Bei ikiwa 40, 0.50 hiyohiyo ni asilimia moja na robo, hakuna anayeamka kitandani. Ukivuta chati ya miaka yote utaona mawimbi ya mwanzo ya MACD yamelala kama bahari imekupwa na ya mwisho yamesimama, ukadhani soko lilikuwa limelala wakati lilikuwa linachemka.

Haya, sasa za kununua.

Ya kwanza kwangu ni TradingView na sifichi, naipenda, hata ile plani ya kulipia nailipia huku nikinung'unika. Sababu ni kwamba naandika PPO mwenyewe na kigawanyo nakiona kwa macho yangu, tena hili halihitaji plani ya kulipia:

```
//@version=5
indicator("PPO")
fupi = ta.ema(close, 12)
ndefu = ta.ema(close, 26)
ppo = (fupi - ndefu) / ndefu * 100
plot(ppo)
plot(ta.ema(ppo, 9), color=color.red)
```

Mistari saba, sindano na uzi vimeisha. Ule mstari wa tano ndo uchunguze kwenye skripti yoyote ya mtu mwingine. Nimeshakuta wanaogawanya kwa `close` badala ya EMA ya 26, na hapo namba inaruka kila bei ya siku inaporuka, wakati EMA ndefu inatembea taratibu na kigawanyo kinatulia. Wengine wanatumia wastani wa kawaida badala ya EMA, basi PPO yako na yangu hazitalingana hata tukiwa kwenye hisa moja siku moja.

Ya pili ni StockCharts, kwa mwenye kufuatilia hisa za Marekani. PPO iko ndani tayari, 12, 26, 9, haina ujanja.

Ya bure kabisa ni Google Sheets, bei zikae safu B, EMA ya 12 ianze C2 kwa `=B2`, halafu kutoka C3 unaivuta chini kwa `=B3*2/13+C2*11/13`, na ile ya 26 iianze D2 kwa `=B2` halafu D3 `=B3*2/27+D2*25/27`, inafanya kazi, ila wiki za mwanzo za data zitupe maana EMA haijatulia. MACD ya MetaTrader inatosha kama unacheza kitu kimoja na kwa muda mfupi.

Na hapo kwenye kitu kimoja ndo wauzaji wanapotuchezea. Wanasema PPO inakupa signo mapema. Mapema kutoka wapi? Kuvuka sifuri kwa MACD na PPO kunatokea siku ileile, hakuna namna nyingine, kwa sababu ukigawanya sifuri unapata sifuri. Ule mstari wa siku 9, yaani EMA ya indiketa yenyewe, unaweza kupishana kidogo kwa sababu kigawanyo nacho kinasogea, lakini mara nyingi utakaa na darubini kutafuta tofauti. Anayekuuzia PPO kwa ajili ya chati moja anakuuzia maji ya mfereji kwenye chupa.

Kitu kingine hawakwambii, na hiki hata PPO ya kweli haikitibu. Asilimia inaondoa tofauti ya bei, haiondoi tofauti ya fujo. PPO ya 3 kwenye bitcoin ni ya kawaida tu, kwenye euro ni balaa. Kwa hiyo usipange bitcoin na euro kwenye foleni moja, linganisha hisa na hisa zinazotikisika sawasawa, halafu kila moja iangalie kwanza dhidi ya mwaka wake wenyewe.

Kipimo changu sasa kabla sijalipa: namwambia muuzaji anitumie picha ya hiyo indiketa kwenye dhahabu na kwenye euro kwa siku moja. Kwa bei za usiku ule, euro ilikuwa na EMA 1.0890 na 1.0850, PPO ya kweli ilitakiwa isome 0.64 kwenye dhahabu na 0.37 kwenye euro, zikae jirani. Ukiona moja ni 15 na nyingine ina sifuri mbili mbele, funga pochi.

Nilimwandikia yule kijana hesabu yote hiyo, akanijibu, "Dada, hiyo ni beta, full vashen ni elfu sita."