Dhahabu au Matawi: Majina ya Vifurushi vya Programu

Majina ya madini, yaani Shaba, Fedha na Dhahabu, humwonyesha mtumiaji kifurushi kipi kiko juu, lakini hayamwambii atapata nini. Tena kwa Kiswahili kitufe kilichoandikwa "Lipia Fedha" humfanya mtu asite, kwa kuwa fedha ni pesa pia. Spotify hutaja watumiaji wenyewe: Duo ni ya watu wawili, Family ya watu wasiozidi sita, hivyo jina hubeba tofauti. Kwa programu ya hesabu za duka ningechagua Bure, Duka Moja na Matawi, ingawa majina ya namna hii hayatoshi pale vifurushi vinapotofautiana kwa mambo mengi, kama vile ripoti na nafasi ya kuhifadhi, kwa pamoja.