Uzoefu wangu na malipo ya serikali kwa namba ya malipo: hela ilifika, ila kwenye bili nyingine

Kulipa kwenyewe sina shida nako, unaingiza namba ya malipo, simu inakuonyesha jina na kiasi, unaweka namba ya siri, basi. Kazi ni pale risiti inapokuja na namba tofauti na ya kwenye bili, watu wanapaniki wanalipa tena, na hapo ndo unakuwa na matatizo mawili.

Kwanza angalia unalinganisha nini. Namba ya muamala inatoka benki au mtandao wa simu, namba ya risiti inatoka serikalini hela ikishapokelewa, hizo mbili hazifanani na bili na wala hazitakiwi kufanana. Kinachotakiwa kufanana ni namba ya malipo ilivyo kwenye bili na ilivyoandikwa ndani ya risiti, tarakimu kwa tarakimu.

Yangu haikufanana kweli. Karani alinitolea bili ya leseni mpya wakati mi nahuisha ya zamani, nikamwambia, akatoa nyingine ila ile ya kwanza hakuifuta, meseji zote mbili zikaingia kwenye simu na mdogo wangu niliyemwachia alipe akachukua ya juu. Mfumo ungekataa vipi, jina langu, kiasi kilekile, bili bado iko hai! Risiti ikaja na namba ya malipo inayoishia 38, ya bili sahihi inaishia 52, na kwenye akaunti yangu ya leseni bado inasoma HAIJALIPWA.

Benki wakasema kwao muamala umekamilika, na walikuwa sahihi. Risiti ya serikali ikishatoka hela haiko kwao tena, unaenda ofisi iliyotoa bili. Benki au mtandao unawabana pale hela imekatwa na risiti haijatoka kabisa, na hata hapo subiri kidogo maana mifumo huchelewa kusomana.

Ofisini usikomae na karani, ulizia uhasibu. Nilipeleka bili zote mbili, risiti, meseji ya muamala na barua fupi yenye namba zote mbili, tarehe, kiasi na sababu. Na sikuomba kurudishiwa hela, niliomba malipo yahamishwe kutoka bili ya kwanza kwenda ya pili, maana kurudishiwa kunapita saini kibao na huku leseni inaisha. Ila hii inawezekana kirahisi kama bili zote ni za ofisi moja, hela ikiingia kwa taasisi nyingine jiandae kwa ule mzunguko wa kurejeshewa. Kopi ya barua wagongee muhuri wa kupokea, bila huo wiki ijayo utaambiwa hatujaona kitu.

Walihamisha, akaunti ikasoma IMELIPWA. Mfumo naupa nyota nne, kaunta mbili, na hizo mbili ni za yule mama wa uhasibu aliyekagua kama ile bili ya kwanza imefungwa kabla sijaondoka, la sivyo ingebaki inaning'inia kama deni kwenye jina langu.